Duka Linapokabidhiwa kwa Kampuni: Mali, Madeni na Hisa

Mada ya leo ni mfanyabiashara aliyeendesha duka kwa jina lake mwenyewe kwa miaka mingi, kisha akaamua kusajili kampuni yenye dhima yenye kikomo, yaani kampuni ambayo mwenye hisa hawajibiki kwa madeni yake kupita kiasi alichoahidi kulipia hisa hizo. Mfanyabiashara huyo huikabidhi kampuni mali yote ya duka pamoja na madeni yake, na badala ya kulipwa fedha taslimu hulipwa hisa. Je, hisa hizo ni ngapi, madeni yanahamaje, na ni mahali gani wengi hujikwaa? Haya ndiyo maswali matatu ya leo.

Kabla ya kuyajibu, msikilizaji ashike jambo moja ambalo litarudiwa mara kadhaa, kwa kuwa ndilo msingi wa yote yatakayofuata: kampuni ni mtu mwingine. Siku Msajili wa Kampuni anapotoa cheti cha usajili chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, huzaliwa mtu mpya wa kisheria ambaye ana jina lake, nambari yake ya PIN katika Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na uwezo wa kumiliki mali, kudai na kudaiwa. Mtu huyo mpya huzaliwa mikono mitupu. Saruji iliyo ghalani, pikapu iliyo uani na fedha zilizo benki bado ni za mfanyabiashara binafsi mpaka zikabidhiwe kwa mkataba, na cheti cha usajili pekee, hata kikitundikwa ukutani, hakihamishi hata msumari mmoja.

Ili mambo haya yaeleweke, na uchukuliwe mfano wa kubuni wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori lenye ghala mjini Homa Bay. Mmiliki wake alisajili jina la biashara, na kwa kuwa jina la biashara halimtenganishi mtu na duka lake, kila deni la duka ni deni lake binafsi. Sasa amesajili kampuni kupitia mtandao wa eCitizen, yeye akiwa mkurugenzi na mwenye hisa peke yake, jambo ambalo sheria ya Kenya inaruhusu. Hakulazimika kuajiri katibu wa kampuni, kwa sababu kampuni binafsi hulazimika kuwa na katibu pale tu mtaji wake uliolipiwa unapofika shilingi 5,000,000.

Swali la kwanza ni hili: atapewa hisa ngapi? Jibu huanzia kwenye mizania, yaani taarifa inayoonyesha, kwa siku moja maalumu, mali ya biashara upande mmoja na madeni yake upande wa pili. Siku hiyo huitwa siku ya makabidhiano, nayo ichaguliwe mapema, ikiwezekana iwe siku ya kwanza ya mwezi, ili mauzo ya kabla yake yabaki katika vitabu vya mfanyabiashara na mauzo ya baada yake yaingie katika vitabu vya kampuni.

Katika mfano huu, vitabu vya duka vinaonyesha bidhaa za shilingi 1,800,000, pikapu ya shilingi 900,000, madeni ya wateja waliochukua vifaa kwa mkopo ya shilingi 600,000, fedha benki shilingi 200,000, na rafu na mizani za shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 3,600,000. Upande wa pili, duka linadaiwa shilingi 800,000 na msambazaji wa saruji, shilingi 500,000 na benki iliyokopesha fedha za kununulia pikapu, na shilingi 100,000 za mishahara ambayo haijalipwa. Jumla ya madeni hayo ni shilingi 1,400,000.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, nalo ni kubwa. Mfanyabiashara huitazama ile jumla ya mali ya shilingi 3,600,000, akaandikisha hisa 36,000 za shilingi 100 kila moja, akaamini kwamba mtaji wa kampuni yake umekamilika. Lakini kampuni haikupokea mali peke yake, bali imepokea pia mzigo wa madeni ya shilingi 1,400,000, na kwa hiyo thamani iliyoingia kwake ni ile inayobaki baada ya madeni kuondolewa. Hisa ni malipo ya thamani halisi inayobaki. Jambo hilo lirudiwe: hisa ni malipo ya kile kinachobaki baada ya kutoa madeni, si malipo ya kila kinachoonekana dukani.

Tena, thamani yenyewe lazima ipimwe kwa uaminifu. Mwenye duka anapozunguka ghala la Homa Bay pamoja na mhasibu, huenda akakuta mifuko ya saruji iliyoganda kwa unyevu wa ziwa, ambayo vitabu bado vinaihesabu kwa bei ya kununulia. Na anapofungua daftari la wakopaji, huenda akakuta makandarasi ambao hawajalipa kwa miaka miwili na simu zao hazipatikani tena. Katika mfano huu, saruji iliyoharibika ni ya shilingi 100,000 na madeni yasiyotarajiwa kulipwa ni shilingi 200,000. Mali ya kweli basi ni shilingi 3,300,000, na yakitolewa madeni ya shilingi 1,400,000 hubaki shilingi 1,900,000. Hisa za haki ni 19,000 za shilingi 100 kila moja.

Msikilizaji anaweza kuuliza: ikiwa mwenye hisa ni yuleyule mmoja, zikiandikwa 36,000 badala ya 19,000, nani ameumia? Aliyeumia ni yule atakayeikopesha kampuni akiamini kwamba ina mtaji ulioandikwa. Ndiyo maana sheria inakataza hisa kutolewa kwa chini ya thamani yake ya jina, yaani ile bei iliyoandikwa kwenye hisa yenyewe, na aliyepokea hisa za namna hiyo anaweza kutakiwa alipe upungufu. Katika mfano huu, hisa 36,000 ni shilingi 3,600,000 kwa maandishi dhidi ya thamani ya shilingi 1,900,000. Kampuni ikianguka, mfilisi anayekusanya mali yake kwa niaba ya wadai anaweza kumdai mmiliki huyo shilingi 1,700,000 kutoka mfukoni mwake, na ile kinga aliyoitafuta kwa kusajili kampuni ikamponyoka. Sheria hailazimishi kampuni binafsi, kama inavyoilazimisha ya umma, kumleta mthamini huru pale hisa zinapolipiwa kwa mali badala ya fedha, lakini ripoti fupi ya mthamini au mhasibu iliyoambatishwa kwenye mkataba ndiyo ushahidi bora wa kwamba hesabu ilifanywa kwa nia njema.

Hesabu ikishakubalika, vitabu vya kampuni hufunguliwa kwa urahisi: upande mmoja huandikwa mali ya shilingi 3,300,000, na upande wa pili madeni ya shilingi 1,400,000 pamoja na mtaji wa hisa wa shilingi 1,900,000, na pande mbili zikalingana. Wakurugenzi hupitisha azimio la kutoa hisa hizo, na taarifa ya ugawaji wa hisa hupelekwa kwa Msajili ndani ya mwezi mmoja, ikieleza kwamba hisa zimelipiwa kwa mali wala si kwa fedha.

Swali la pili ni la madeni, nalo ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Wafanyabiashara wengi huamini kwamba mkataba ukishaandika kuwa kampuni imechukua madeni yote, wao wako huru. Hawako huru. Mali huhama kwa ridhaa ya anayetoa na anayepokea, lakini deni halimwachi mdaiwa wa kwanza mpaka mdai mwenyewe aridhie. Msambazaji wa saruji alimwamini mtu fulani kwa jina lake, kwa hiyo hawezi kulazimishwa kumdai mtu mwingine ambaye hakumchagua. Kinachotakiwa ni mapatano ya watu watatu, yaani mfanyabiashara, kampuni na mdai, ambamo mdai anakubali kwa maandishi kuipokea kampuni kama mdaiwa mpya na kumwachilia yule wa zamani. Bila maandishi hayo, ahadi ya kampuni ya kulipa ni ya kweli baina ya kampuni na mmiliki tu, na siku kampuni itakaposhindwa kulipa, msambazaji atabisha hodi nyumbani kwa mmiliki.

Benki iliyokopesha fedha za pikapu iko katika hali yake ya pekee. Mara nyingi jina lake limeandikwa pamoja na la mmiliki katika kitabu cha umiliki wa gari, na dhamana juu ya mali inayohamishika huweza kuandikishwa katika daftari lililoanzishwa na sheria ya mwaka 2017 kuhusu haki za dhamana katika mali hiyo. Gari hilo haliwezi kubadilishwa jina bila benki kutia sahihi, na benki ikikubali, kwa kawaida humtaka mkurugenzi aidhamini kampuni yeye binafsi. Mwenye duka na aelewe kwamba kwa deni hilo hajapata kinga yoyote, kwa kuwa aliyetoka kwa mlango wa mbele akiwa mdaiwa amerudi kwa mlango wa nyuma akiwa mdhamini.

Na mkopo wa sako je? Tuseme mmiliki wa duka hili alikopa shilingi 400,000 kutoka sako yake, wanachama wenzake wakamdhamini kwa akiba zao, na fedha hizo akanunulia mabati ya duka. Mkopo huo alipewa akiwa mwanachama, nao umefungamana na akiba na wadhamini ambao ni watu, kwa hiyo kuuhamishia kampuni ni vigumu. Njia iliyo safi zaidi ni kuuacha nje ya makabidhiano na kuendelea kuulipa yeye mwenyewe, na ndiyo sababu katika hesabu ya awali haukutajwa. Sako na benki zikikubali kwamba kampuni ichukue madeni yote, thamani inayobaki hushuka hadi shilingi 1,500,000, na hisa huwa 15,000 badala ya 19,000. Lisilofaa kabisa ni kuuacha nje wakati wa kuhesabu hisa, kisha kuulipa kila mwezi kutoka akaunti ya kampuni, kwa kuwa malipo hayo ni fedha za kampuni zinazolipa deni la mtu mwingine.

Kuna pia sheria ya zamani ambayo wengi hawaikumbuki, nayo ni Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo inataka tangazo la kuhamishwa kwa biashara lichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti la habari, ili wadai wajue. Tangazo lisipotolewa ipasavyo, anayepokea biashara hubeba madeni ya biashara ya yule aliyeihamisha, hata kama mkataba wao unasema vinginevyo. Kwa hiyo lile deni la zamani ambalo mmiliki alilisahau, au alilificha, laweza kuifuata kampuni. Wakili aombwe kulishughulikia tangazo hili mapema, kwa kuwa muda wake huhesabiwa kabla ya siku ya makabidhiano, si baada yake.

Swali la tatu: mali yenyewe inahamaje? Kila kitu huhama kwa njia yake. Bidhaa na rafu huhama kwa mkataba na kukabidhiwa kwa orodha iliyotiwa sahihi. Pikapu huhama katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama. Madeni ya wateja huhama kwa maandishi, na kila mteja huarifiwa kwamba tangu sasa anailipa kampuni. Leseni ya kaunti haihamishwi kwa kufuta jina kwa kalamu, bali kampuni huomba yake, Migori kwa duka na Homa Bay kwa ghala.

Kiwanja cha ghala, ambacho hakikuingizwa katika hesabu ya awali, kinahitaji kufikiriwa peke yake. Kukihamishia kampuni ni uhamisho kamili wa ardhi, nao hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya manispaa na asilimia 2 nje yake. Kiwanja cha shilingi 2,000,000 katika manispaa kitalipiwa shilingi 80,000, na juu yake huenda ikaja kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu mwaka 2023 ni asilimia 15 ya ongezeko la thamani, isipokuwa wakili aone kwamba upo msamaha unaomhusu mmiliki. Ikiwa ni shamba, kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi hutakiwa, na ikiwa ni mali ya ndoa, ridhaa ya mwenzi ni ya lazima. Kwa sababu hizo, wengi hukibakiza kiwanja kwa jina lao na kuikodishia kampuni kwa mkataba ulioandikwa, na faida ya pili ni kwamba kampuni ikianguka, kiwanja hakimo katika mali yake, mradi hakikuwekwa rehani kwa ajili ya mikopo yake.

Bima nayo isisahauliwe, maana kisa kimoja cha kweli kimefunza mahakama nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza. Huko Tyrone, Ailandi, mwenye shamba aitwaye Macaura aliiuzia kampuni mbao zake zote akalipwa hisa, lakini bima ya moto ikabaki kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1922 moto ukateketeza karibu mbao zote, na mwaka 1925 Baraza la Mabwana mjini London likaamua kwamba hakustahili kulipwa chochote, kwa sababu mbao zilikuwa za kampuni, na mwenye hisa, hata akimiliki hisa zote, hamiliki mali ya kampuni. Kampuni ni mtu mwingine. Bima ya duka na ya pikapu ibadilishwe jina siku ileile ya makabidhiano, wala isingojewe siku ya kulipia tena.

Wafanyakazi pia wanahusika. Mkataba wa kazi ulikuwa na mtu, na mtu huyo si kampuni, kwa hiyo hawahami kama bidhaa zinavyohama. Lililo jema ni makubaliano ya maandishi ambamo mfanyakazi anakubali mwajiri mpya na kampuni inakubali kuhesabu miaka yake ya nyuma. Akiachishwa kwa sababu nafasi yake kwa mwajiri wa zamani imekwisha, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika, na kwa anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi aliyefanya kazi miaka 6, hayo ni takriban shilingi 45,000. Deni la namna hiyo, likiwepo, liingizwe katika mizania kabla ya kuhesabu hisa.

Je, msikilizaji atajuaje kwamba makabidhiano yamekamilika kweli? Atazame nambari ya Lipa na M-Pesa iliyobandikwa kwenye meza ya duka. Miezi mitatu baada ya siku ya makabidhiano, ikiwa wateja bado wanalipa kwa nambari ya mmiliki binafsi, ankara za kodi bado zinatoka kwa PIN yake, na msambazaji bado anaandika jina lake kwenye hati za kuletea bidhaa, basi biashara haijahama, bali kilichobadilika ni ubao wa nje tu. Mdai akifika mahakamani na ushahidi huo, atauliza alikuwa akifanya biashara na nani, na jibu laweza kuwa kwamba alikuwa akifanya na mtu yuleyule wa zamani.

Kwa ufupi, wasikilizaji wapendwa, yaliyosemwa leo ni matatu. Kwanza, hisa huhesabiwa kwa thamani inayobaki baada ya madeni, na mali mbovu iondolewe kabla ya kuhesabu. Pili, deni halihami bila ridhaa ya mdai, na tangazo la uhamisho litolewe mapema. Tatu, kila mali ihamishwe kwa njia yake, pamoja na bima yake, kuanzia siku moja iliyochaguliwa.

Yeyote anayekusudia hatua hii na aanze kwa kumwita mhasibu ahesabu ghala, kisha aandike majina ya wadai wake wote na kumwendea kila mmoja akiwa na barua mkononi, kabla hajatia sahihi hati yoyote ya hisa. Asiyepata ridhaa ya wadai wake ajue kwamba, kwa madeni ya zamani, bado anadaiwa yeye mwenyewe.